Kopo lililodumu kupita kiasi: uchambuzi wa kisa cha maziwa ya kopo ya mtoto mchanga

Kisa hiki kinatoka katika kliniki ya watoto. Majina, mahali na majina ya biashara ya maziwa yameondolewa. Makopo yanaitwa kwa herufi, na bei zimegeuzwa kuwa uwiano: kopo dogo tumelipangia bei ya 100, mengine yakapimwa kwa hilo. Anayetaka kurudia hesabu hizi aweke bei za dukani kwake.

## Usuli

Mtoto alikuwa na miezi minne na nusu, kilo 6.4, mzima wa afya. Mama yake alikuwa ameanza matibabu ya saratani, na dawa zile hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo madaktari walimwachisha kunyonyesha. Haikuwa hiari yake, wala hakukuwa na mtu mwingine nyumbani wa kumnyonyesha mtoto. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila anayesikia habari za kopo huuliza kwanza kwa nini mtoto hanyonyi. Jibu lilikuwepo, na swali likageuka: maziwa yapi, kwa kipimo gani, na pesa za kuyanunua zitatoka wapi.

Siku za matibabu mtoto alikaa na shangazi yake, dada wa baba, mwanamke makini aliyelea watoto wake wote kwa titi na hakuwahi kushika kopo la maziwa. Ununuzi ulikuwa wa baba. Gharama za hospitali zilishaanza kuwaelemea, na maziwa ndiyo matumizi pekee ambayo baba aliona anaweza kuyapunguza kwa akili yake mwenyewe.

Mtoto wa umri huo anahitaji wastani wa mililita 150 za maziwa kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 6.4 hiyo ni karibu lita moja. Walikubaliana na muuguzi kwamba atapewa chupa tano kwa siku, kila moja ya maji mililita 180. Unga ukishaingia, chupa hufika karibu mililita 200.

## Makopo manne yaliyokuwa mezani

Baba alikuja na daftari. Alikuwa amepita madukani na kwenye simu, akaandika makopo manne na bei ya kila moja, akagawa bei kwa gramu. Ni mwanzo mzuri kuliko wa wazazi wengi, ambao hulinganisha bei ya kopo kwa kopo bila kutazama uzito. Lakini gramu haimlishi mtoto, inayomlisha ni chupa iliyokorogwa, na makopo hayatumii gramu sawa kwa maji yale yale.

Kopo A lilikuwa la gramu 400, namba 1, bei 100. Kijiko chake kinabeba gramu 4.5, na maelekezo yanasema kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji. Kopo B lilikuwa la gramu 900, namba 1 pia, la mtengenezaji mwingine, bei 180. Kijiko chake ni kikubwa: gramu 8.8, kimoja kwa mililita 60. Kopo C lilikuwa la gramu 800, bei 135, lakini namba 3, yaani la mtoto aliyetimiza mwaka. Maelekezo yake yalitaka gramu 36 kwa mililita 200. Kopo D kwa sura lilikuwa B lile lile, gramu 900, namba 1, ila liliuzwa na mtu wa mtandaoni kwa 125.

| Kopo | Unga kwa chupa ya maji ml 180 | Chupa kwa kopo | Bei ya chupa moja | Siku (chupa 5) |
|---|---|---|---|---|
| A | g 27 | 14.8 | 6.8 | karibu 3 |
| B | g 26.4 | 34.1 | 5.3 | karibu 7 |
| C | g 32.4 | 24.7 | 5.5 | karibu 5 |
| D | g 26.4 | 34.1 | 3.7 | karibu 7 |

Kwa hesabu ya gramu, ukimwacha D kando, C ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote: 0.17 kwa gramu, wakati B ni 0.20 na A ni 0.25. Kwa hesabu ya chupa, C ni ghali kuliko B, kwa sababu linataka unga mwingi zaidi kwa maji yale yale. Baba alilitazama daftari lake kwa muda, kisha akalipiga C mstari mwenyewe.

Hata kama C lingekuwa rahisi, tungelikataa. Maziwa ya namba 3 hayajatengenezwa kuwa chakula kikuu cha mtoto wa miezi minne. Protini na madini yake hayakupangwa kwa figo za umri huo, na baadhi yana sukari ya kuongezwa. Na namba zenyewe zisomwe kwa uangalifu. Mtengenezaji mmoja huandika 1 akimaanisha tangu kuzaliwa hadi miezi 6, mwingine akimaanisha hadi miezi 12. Kinachofuatwa ni miezi iliyoandikwa ubavuni. Namba kubwa iliyo mbele ni mpango wa mauzo wa kampuni.

Baba aliuliza kama mtoto akifika miezi sita ni lazima ahamie namba 2. Si lazima. Maziwa ya namba 1 yanamtosha mtoto hadi mwaka mmoja, pamoja na vyakula vya kulikiza vinavyoanza akiwa na miezi sita. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba maziwa ya hatua za baadaye hayana ulazima. Familia iliyobanwa na pesa ina haki ya kulijua hili, maana kila kuhama namba huja na bei yake.

Ushauri wetu siku ile ulikuwa kopo B kutoka duka la dawa, na A kwa dharura tu. D tulilitilia shaka kwa bei yake, tukasema hivyo. Nyumbani walikuwa bado na makopo ya A, wakaambiwa wayamalize kwanza.

## Mambo yalivyokwenda

Kwa muda wa siku kumi hivi mtoto alitumia A, vijiko sita kwa chupa, na alikuwa sawa. A lilipoisha, baba alinunua makopo matatu ya D. Baadaye alieleza sababu yake, na si sababu ya kipuuzi: muuzaji alimtumia picha za makopo, picha zililingana kabisa na B la duka la dawa, na makopo matatu yalimwokolea pesa zinazokaribia bei ya kopo zima la B. "Niliona kama ni kopo lile lile, kwa nini nilipie kuta za duka?"

Kopo la kwanza, tuliite D1, halikuwa na kijiko. Shangazi aliufukua unga kwa uma uliochemshwa akitafuta, asikione, akachukua kijiko kilichobaki kwenye kopo A. Akasoma jedwali la kopo jipya kama alivyofundishwa, kwenye mstari wa maji mililita 180: vijiko vitatu. Akaweka vitatu, vya bapa, vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Kila alichofanya kilifuata maandishi. Ila kijiko kilikuwa cha gramu 4.5 na jedwali lilikuwa la kijiko cha gramu 8.8. Chupa iliyotakiwa kuwa na gramu 26.4 ikawa na gramu 13.5. Mtoto akawa anakunywa maziwa nusu.

Alianza kulia muda mfupi baada ya chupa. Shangazi akaongeza chupa, zikafika saba kwa siku, akafurahi kwamba mtoto ana hamu. Nepi zilikuwa zinalowa sana, jambo ambalo kwa kawaida humtuliza mlezi. Na kopo lilidumu. Familia iliona ni bahati kwamba kopo la bei nafuu linakwenda karibu siku kumi.

Siku ya kufungua D2, kijiko kilikuwemo. Baba alikuwepo. Akakishika, akakilinganisha na kile cha A, akasema, "Shangazi, mbona kijiko hiki kikubwa hivi? Haya maziwa ni feki." Akayazuia. Kesho yake walikuja kliniki na mtoto, makopo yote matatu, na vijiko viwili ndani ya mfuko wa plastiki.

## Tulichokuta na tulichoamua

Mizani ilionyesha kilo 6.45. Katika wiki tatu mtoto alikuwa ameongeza gramu 50, wakati kwa umri huo tulitarajia 300 au zaidi. Alikuwa mchangamfu lakini mwenye njaa, hana uvimbe, hajapata degedege. Daktari aliagiza kipimo cha chumvi za damu kwa sababu maziwa mepesi humjaza mtoto maji na kushusha sodiamu, na sodiamu ikishuka sana huleta usingizi mzito na degedege. Kipimo kilikuja chini kidogo ya kawaida. Hakulazwa.

Familia nzima ilikuwa imeshaamua kwamba tatizo ni maziwa feki na kwamba ushahidi ni kile kijiko kikubwa. Tuliomba waturudishe nyuma, chupa kwa chupa. Swali lililofungua kisa halikuhusu dalili za kopo. Lilikuwa hili: D1 lilidumu siku ngapi? Shangazi akasema karibu kumi, tena kwa chupa saba kwa siku. Kopo la gramu 900 lenye kipimo sahihi linatoa chupa 34. Wao walikuwa wametengeneza zaidi ya 60. Unga hauongezeki wenyewe, kwa hiyo kila chupa ilikuwa na karibu nusu ya unga. Tukapima kijiko cha A kwenye mizani ya jikoni, kikajaa gramu 4.5. Tukapima kile kikubwa kwa unga wa B la duka la dawa, kikatoa gramu 8.8. Kijiko kilichoshukiwa ndicho kilichokuwa halali.

Shangazi alilia. Muuguzi mkuu alimshika mkono, akamwambia, "Dada yangu, wewe umesoma kopo vizuri kuliko wengi. Kopo ndilo halikukupa kijiko chake." Nadhani ilikuwa hukumu ya haki.

Hata hivyo kuliweka sawa suala la kijiko hakukuyasafisha makopo. Tuliyageuza chini, tukaweka kando yake kopo B lililotoka duka la dawa. Kwenye B, tarehe na namba ya toleo vilikuwa vimechomwa kwenye bati. Ukipitisha ukucha, havitoki. Kwenye D tarehe ya kutengenezwa ilikuwa imechomwa vile vile, lakini tarehe ya kuisha muda ilikuwa ya wino mweusi, na kuizunguka bati lilikuwa limefifia kama lililosuguliwa kwa kemikali. Kisha tukahesabu miezi. Kwenye B, kati ya kutengenezwa na kuisha muda kulikuwa na miezi 24. Kwenye D kulikuwa na 36. Mtengenezaji mmoja, bidhaa moja, kopo la ukubwa mmoja, haiwezi kuwa na maisha mawili tofauti namna hiyo. Tukiongeza miezi 24 kwenye tarehe ya kutengenezwa, makopo ya D yalikuwa yamepitwa na muda kwa miezi minne.

D1 lilikuwa na jambo la ziada. Shangazi alikumbuka kwamba karatasi ya foili haikutoa ule mlio mfupi wa hewa alipoitoboa, na ilibanduka nzima kama kibandiko badala ya kuchanika. Ukijumlisha na kukosekana kwa kijiko, tulishuku kwamba kopo hilo liliwahi kufunguliwa, pengine likajazwa upya.

Maamuzi yalikuwa matatu. Mtoto ahamie B la duka la dawa siku ile ile, kwa kijiko chake, chupa tano, na familia isijaribu kufidia kwa kukoleza. Tulilisisitiza hilo kwa sababu baba aliuliza mara mbili kama aongeze kijiko cha nne ili mtoto arudishe uzito haraka. Maziwa mazito kupita kipimo yanamzidishia mtoto chumvi na protini bila maji ya kuyatoa, na yanaweza kumkausha.

Pili, makopo ya D yasitupwe wala kurudishwa kwa muuzaji. Tulipiga picha za chini, ubavu na foili, tukaandika namba ya toleo, tukafunga kila kopo kwenye mfuko wake na kuyakabidhi kwa mamlaka ya usalama wa chakula pamoja na mazungumzo ya baba na muuzaji. Kuyarudisha kungerejesha pesa, lakini makopo yangeuzwa kwa mzazi mwingine jioni ile ile.

Tatu, kumpigia mtengenezaji. Namba ya simu ilichukuliwa kwenye kopo B. Mtu anayebadilisha lebo anaweza kubadilisha na namba ya simu, kwa hiyo kopo linaloshukiwa lisitumike kujithibitisha.

## Matokeo

Mtengenezaji alijibu kwamba namba ya toleo ni yao, na kwamba toleo hilo lilikuwa na maisha ya miezi 24. Tarehe ya wino haikuwa yao. Kwa hiyo D2 na D3 yalikuwa makopo halisi yaliyopitwa na muda na kupigwa tarehe mpya.

Mtoto aliongeza gramu 350 katika wiki mbili za kwanza, na kipimo cha damu kilichorudiwa kilikuwa cha kawaida. Mwezi uliofuata alikuwa amerudi kwenye mstari wake katika kadi ya ukuaji. Chupa zilirudi tano bila mtu kuzipunguza. Alipopata maziwa kamili aliacha kuomba ya sita.

## Uchambuzi

Kilichomkosesha mtoto uzito, kwa kadiri tunavyoweza kupima, kilikuwa kijiko. Nusu ya unga inatosha kabisa kueleza gramu zile 50, na kupona kwake mara kijiko kiliporekebishwa kunakubaliana na hilo. Lakini kijiko kilipotea kwa sababu kopo lilipita njia ya magendo. Ndiyo maana sipendi kuyatenga mambo haya mawili, kana kwamba moja ni kosa la mlezi na jingine ni kosa la muuzaji. Kopo lililofunguliwa na kufungwa tena hupoteza kijiko, na kopo lisilo na kijiko humsukuma mlezi atumie cha jirani yake. Kijiko cha kopo moja hakifai kwa kopo jingine hata kama vinafanana kwa macho. Kikikosekana, mlezi asiendelee. Alirudishe kopo dukani kama ni duka, au aliweke kando.

Hesabu ya bei kwa chupa ilifanya kazi ambayo hatukuitarajia. Baba aliifanya ili kuokoa pesa, lakini safu ya mwisho ya jedwali, ile ya siku, ndiyo iliyotupa jibu. Mlezi akijua kwamba kopo lake lina chupa 34 na mtoto anakunywa tano, anajua litaisha siku ya saba. Likifika siku ya kumi, kuna unga unaopungua kwenye chupa, iwe kwa kijiko kibaya, iwe kwa mtu anayeongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Likiisha siku ya nne, mtu anakoleza au anajaza vijiko vya mlima. Sasa tunawaomba wazazi waandike kwa kalamu kwenye kifuniko tarehe ya kufungua na tarehe wanayotarajia kopo liishe. Hiyo tarehe ya pili ndiyo wengi hawakuwahi kuandika.

Tarehe ya kufungua ina kazi yake pia. Kopo likishafunguliwa, watengenezaji wengi hutaka litumike ndani ya wiki tatu au nne. Kwa mtoto huyu haikuwa shida, kopo kubwa liliisha ndani ya wiki. Lakini chukua mtoto anayenyonya na kupewa chupa moja tu kwa siku ya maji mililita 120. Kwa kopo B angetumia gramu 17.6 kwa siku, chini ya gramu 500 kwa wiki nne, na zaidi ya gramu 400 zingetupwa. Bei halisi ya chupa ingekuwa 180 kugawa kwa 28, yaani 6.4. Kopo dogo A lingempa chupa 22 za ukubwa huo na kuisha kwa wakati, kila moja kwa 4.5. Kopo kubwa ni rahisi kwa mtoto anayelimaliza tu.

Kuhusu makopo yaliyopitwa na muda, hofu iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya sumu. Unga wa maziwa ukipita tarehe kwa miezi minne haugeuki sumu. Kinachotokea ni kwamba vitamini hupungua chini ya kile kilichoahidiwa kwenye lebo, na mafuta huanza kuchacha, hasa kama kopo lilikaa kwenye joto. Mtu mzima angekula chakula kingine kufidia. Mtoto wa miezi minne hana chakula kingine, na hilo ndilo linaloipa tarehe ya kopo hili uzito ambao tarehe ya biskuti haina. Tena, mtu aliyefuta tarehe hatuambii makopo yalihifadhiwa wapi.

Kopo lililojazwa upya ni hatari ya aina nyingine. Mwaka 2004, katika mji wa Fuyang nchini China, watoto walilishwa maziwa feki yenye protini kidogo mno. Zaidi ya kumi walikufa. Vichwa na nyuso zao zilivimba kwa utapiamlo, na wapo wazazi waliodhani mtoto ananenepa. Ndiyo sababu tunamwamini muuguzi anayebonyeza mguu kutafuta uvimbe kuliko macho ya anayesema mtoto amejaa. Kwa mzazi, unga usio sahihi hutambulika kwa kuchelewa: unaganda juu ya maji, una harufu ya mafuta ya zamani, rangi yake si ile ya kopo lililopita, au kijiko cha bapa kinatoa gramu tofauti kwenye mizani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachothibitisha. Mtihani wa tone la iodini unaosambazwa sana huonyesha wanga tu. Unga wenye protini duni usio na wanga utaupita, na maziwa halali yaliyokolezwa kwa wanga kwa ajili ya watoto wanaocheua yataushindwa.

Msimbo wa mistari nao hausaidii kama watu wanavyodhani. Tarakimu zake za mwanzo huonyesha mahali kampuni iliposajili namba, si mahali maziwa yalipotengenezwa, na anayenakili lebo hunakili na mistari. Baba alikuwa ameupiga skani kwa simu, simu ikamletea picha ya kopo B, akatulia. Kilichosomwa kilikuwa picha ya lebo.

Na ukaguzi wote wa kopo una ukomo. Mwaka 2008, tena China, melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, iliongezwa kwenye maziwa ghafi ili yaonekane yana protini ya kutosha kwenye kipimo cha nitrojeni. Watoto karibu 300,000 waliugua na sita walikufa. Makopo yale yalikuwa halisi, yenye tarehe sahihi, foili nzima na kijiko ndani. Mzazi hana namna ya kuligundua hilo jikoni. Anachoweza ni kuhifadhi namba ya toleo, ili tangazo la kurudisha bidhaa likitoka ajue kama linamhusu. Wengi hutupa kopo kabla ya kunakili namba hiyo.

Upande wetu, onyo kuhusu D lilikuwa dhaifu. Tulimwambia baba bei inatia shaka, tukaishia hapo, na mtu aliyebanwa na gharama za hospitali hawezi kushindana na akiba ya theluthi kwa neno "shaka". Angeelezwa kwamba B la gramu 900 haliwezi kufika kwa muuzaji mdogo kwa bei hiyo na muda wake ukiwa mzima, na kwamba punguzo kubwa halali karibu kila mara huja na tarehe fupi inayosemwa wazi, angekuwa na kitu cha kuuliza. Alipouliza baadaye, muuzaji alikuwa ameshafunga akaunti.

Kilichobaki bila jibu ni D1. Mamlaka iliyachukua makopo yote, lakini maabara inahitaji unga, na D1 lilikuwa limekwisha, limeoshwa na kukaushwa juani ili litumike kuhifadhia chumvi. Hatutajua kama mtoto alikunywa nusu ya maziwa halisi au nusu ya kitu kingine. Tangu hapo tunawaeleza walezi wabakize vijiko vichache vya unga wa kila kopo kwenye mfuko safi uliofungwa, wenye namba ya toleo juu yake, hadi kopo linalofuata litakapofika nusu.